Kapi, kamba na ngazi: kupamba baraza bila mzee wako kupanda kiti

Mama mkubwa wangu anakaa Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ya zamani yenye baraza mbele na ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka uani. Kila ukiingia Mfungo Sita baraza lile lazima livishwe kwa ajili ya Maulidi: kitambaa cha kijani kutoka nguzo hadi nguzo, taa ndogo za rangi, na vibendera vya karatasi ambavyo watoto huvikata siku moja kabla. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na miaka 71, alipanda kiti cha plastiki ili afunge ncha ya kitambaa. Mguu mmoja wa kiti uliteleza, ukafunguka, kiti kikapasuka, naye akatanguliza mkono kujikinga. Mkono ulivunjika karibu na kiganja. Hakuwa juu hata nusu mita. Tulipomuuliza kwa nini hakuita mtu, alijibu, "Nyie mna shughuli zenu, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili."

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya jibu lile. Wazee wetu hawapandi viti kwa ubishi. Wanapanda kwa sababu pambo lazima lifungwe leo na kijana atakuja kesho. Kwa hiyo kumkataza tu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuiondoa sababu ya kupanda. Sisi tulifanya hivyo kwa kapi mbili na kamba, kama wavuvi wanavyotweka tanga: kijana mwenye nguvu alipanda ngazi mara moja, akafunga kapi, na tangu siku hiyo mama mkubwa hupamba baraza lake akiwa amesimama chini.

Kwanza kaa naye, mpange

Usifike na ngazi begani ukaanza kazi. Mwamkie, kaa, umuulize anataka pambo liwe wapi, maana yeye ndiye anayejua nyumba inavyoonekana kutoka barabarani. Mpe ufagio akuoneshe kimo, au umshike mkono mtoke nje mtazame pamoja. Mengi ya tunayoyaweka juu sana yangependeza yakiwa chini kidogo. Mama mkubwa alikubali vibendera vishuke mpaka kimo cha bega, kwenye kamba kati ya nguzo, na hapo theluthi ya kazi ya juu ikaisha kabla hatujagusa ngazi.

Katika mazungumzo hayo hayo, muulize kwa upole mambo ya mwili. Anapoinuka kitandani asubuhi, huona kizunguzungu? Anatumia dawa za presha? Nyingi hushusha presha mtu anapoinuka ghafla, macho yakaingia giza kwa sekunde kadhaa. Anavaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini? Miwani hiyo humfanya aone ukungu anapotazama miguu yake, ndiyo maana watu huikosa ngazi ya mwisho wakati wa kushuka. Ana mtoto wa jicho? Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kuinua uso kutazama dari huku mikono ikiwa juu ya kichwa huharibu mizani ya mwili, hata kwa kijana. Mwili hujiweka sawa kwa macho, kwa masikio ya ndani na kwa hisia za nyayo. Ukiinua uso, sikio la ndani hulala katika mkao usiouzoea, na macho hayaoni tena sakafu wala ukuta wa kujilinganisha. Mzee ambaye vyote vitatu vimepungua nguvu huyumba hapo hapo, hata akiwa juu ya kigoda cha kukalia.

Ukishajua hayo, mpe kazi yake: yeye ndiye msimamizi. Mwekee kiti imara mita tatu au nne kutoka mahali pa ngazi, akae, aelekeze. Jambo moja usimpe kamwe, nalo ni kushika ngazi. Wengi humpa mzee kazi hiyo kwa kuiona nyepesi. Mpandaji akianguka, atamwangukia yeye. Na ngazi ikianza kuteleza, mzee hataweza kuuzuia uzito wa mtu.

Kagua ngazi kabla ya kuipeleka barazani

Usinunue ngazi kwa kazi ya siku moja. Mafundi rangi na mafundi umeme wa mtaani wanazo, na wengi wataazima kwa saa mbili. Lakini kagua hata ile ya fundi.

Ngazi ya mbao ilaze chini, uipige kidato kimoja kimoja kwa nyundo ndogo au kwa jiwe. Mbao nzima hulia kavu. Iliyoliwa na mchwa au bungua hulia kama sanduku tupu. Chukua msumari uchome pale ambapo kidato kinaingia kwenye mti wa pembeni, kwa sababu maji hukaa hapo na wadudu huanzia hapo. Ukiingia bila kutumia nguvu, irudishe ngazi. Tazama misumari: kwetu pwani hewa ya chumvi huila mpaka kichwa kinabaki na mwili umekwisha ndani ya mbao. Shika kidato kwa mikono miwili ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, msumari umekufa. Ngazi iliyopakwa rangi nzito uiogope zaidi, kwa sababu rangi huziba nyufa. Mbao ya ngazi hupakwa mafuta au vanishi ili ionekane ilivyo.

Ngazi ya alumini haioti kutu kama chuma, lakini ribiti zake hulegea na miti yake hupinda. Isimamishe, utazame kwa jicho moja kutoka chini kwenda juu. Ikiwa mti mmoja una tumbo, iliwahi kuanguka au kupakiwa vibaya. Angalia pia viatu vya mpira vya miguuni. Vikiisha, alumini hukanyaga saruji moja kwa moja, nayo huteleza kama sabuni.

Mahali pa kusimamisha

Baraza la mama mkubwa lina upana wa mita moja na nusu. Tulifikiria ngazi ya kukunja yenye umbo la A, ambayo kwa kawaida ndiyo bora kwa kupamba kwa sababu haihitaji cha kuegemea. Ilipofunguliwa, miguu miwili ilifika ukingoni kabisa mwa baraza. Tukaiacha. Usikubali kamwe mguu wa ngazi ukae ukingoni, wala usiweke tofali chini ya mguu mmoja ili kusawazisha. Ngazi ya kukunja hukaa sawa miguu yote minne ikiwa kwenye sakafu moja, na vyuma vyake vya katikati vikiwa vimenyooshwa na kufungwa.

Tukatumia ngazi ya mbao ya mita tatu ya kuegemeza. Miguu ilikaa ndani ya baraza, na kichwa kikaegemea boriti ya nje inayolala juu ya nguzo, ambayo wazee huiita mtambaapanya. Hakikisha ni boriti yenyewe. Ukingo wa bati hukata na kuteleza, na mfereji wa mvua hung'oka.

Kuhusu mwinamo, kanuni ni ya nne kwa moja. Kwa kila dhiraa nne za kwenda juu, miguu ya ngazi itoke dhiraa moja. Boriti ile iko mita 2.8 kutoka sakafuni, kwa hiyo miguu ilikaa sentimita 70 kutoka chini ya boriti. Kama huna futi ya kupimia, simama vidole vyako vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, unyooshe mikono mbele sawa na mabega. Viganja vikishika kidato bila wewe kuinama wala kukunja viwiko, mwinamo ni sahihi. Ngazi iliyosimama wima mno humrudisha mpandaji nyuma. Iliyolala mno hukimbia miguu, na hilo ndilo la hatari zaidi kwenye baraza letu, lenye saruji iliyosuguliwa ikang'aa.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulifagia, kisha tukapangusa kwa kitambaa kibichi na kuacha sakafu ikauke. Mchanga mwembamba unaotoka barabarani hufanya kazi kama shanga chini ya ngazi. La pili, tulipima nafasi kati ya miguu ya ngazi na ukuta wa nyumba, tukaipata kama sentimita 80, tukakata kipande cha mbao cha kipimo hicho tukakilaza hapo. Sasa miguu ikitaka kukimbia nyuma, inaukuta ukuta. Sikuona mahali pengine watu wakifanya hivi, na gharama yake ni kipande cha mbao kilichobaki. Usiweke mkeka wala zulia chini ya ngazi "isikwaruze sakafu". Ni kama kuiwekea magurudumu.

Kama kwako ni uwanja wa mchanga, kama mitaa mingi ya Bagamoyo, laza ubao mpana chini ya miguu yote miwili ili isizame upande mmoja, na ufunge miguu kwenye vigingi viwili vilivyopigiliwa ardhini.

Halafu kuna mlango. Baraza lina mlango wa mbele, na mlango una watoto. Ama ufungwe kwa komeo na watu wapitie uani, au uachwe wazi kabisa na mtu akae hapo. Ngazi yetu haikutoka nje ya baraza, hivyo bodaboda na guta hazikutuhusu. Yako ikilazimika kukaa njiani, weka viti viwili mbele yake na mtu wa kuangalia.

Waya wa umeme, kabla ya mguu wa kwanza

Toka nje utazame juu. Waya unaotoka kwenye nguzo ya Tanesco unaingia wapi kwenye nyumba yako? Mara nyingi ni pembeni mwa paa la mbele, juu ya baraza hilo hilo. Ganda lake la plastiki, baada ya miaka ya jua na chumvi, hupasuka hata kama kutoka chini unaonekana mzima. Kaa mbali nao angalau mita tatu, wewe, ngazi, na chochote unachokishika. Alumini hupitisha umeme, na mbao iliyolowa nayo hupitisha. Kama hakuna namna ya kupata mita hizo tatu, upande huo hauna ngazi. Hamishia pambo upande wa pili, na umwambie mzee sababu yake.

Kupanda, mara moja tu

Saa mbili asubuhi ni wakati mzuri. Umande umekauka, jua halijawa kali, na mtu amekunywa chai. Wakati wa Ramadhani msifanye kazi hii alasiri na swaumu. Mwenye njaa na kiu hutetemeka mikono bila kujijua. Ifanyeni mapema asubuhi.

Aliyepanda ni mpwa wangu wa miaka 24. Alivaa suruali na raba zilizofungwa kamba. Ndala, kikoi, kanzu na dera havipandi ngazi, kwa sababu kitambaa hukanyagwa na ndala huachwa nyuma. Vifaa tulivitia kwenye mfuko wa kitambaa uliovaliwa begani kukatisha kifua, ili mikono yote iwe huru.

Panda ukiikabili ngazi, ukiwa na sehemu tatu zinazoshika wakati wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Mimi niliikanyaga ngazi chini nikaishika miti ya pembeni, mpaka alipofika juu na kuifunga kwenye boriti kwa kamba ya katani, kila mti wa pembeni kwa fundo lake. Kufunga huko ndiko ulinzi wenyewe. Mtu wa chini ni wa kushikilia dakika ile ya kwanza tu. Kwa kufunga nimeipenda katani, ambayo mkoa wetu umeilima tangu miaka ya 1890, kwa sababu nyuzi zake kavu hung'ang'ania mbao na fundo halilegei. Nailoni hunyooka na fundo lake hufunguka polepole.

Alisimama kidato cha nne, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, na boriti ikawa mbele ya macho yake. Hapo ndipo mahali pa kufanyia kazi, pambo likiwa usawa wa uso. Kazi ikihitaji ukunje shingo kutazama juu, uko chini mno. Ikikulazimu kusimama kwenye vidato vitatu vya mwisho, ngazi ni fupi, ukaazime nyingine. Na kitovu chako kibaki kati ya miti miwili ya ngazi. Kikitoka nje ya mti wa pembeni kwa sababu unajivuta kufikia, shuka, uihamishe ngazi. Watu wengi huona uvivu hapo hapo, wakati kimebaki kiasi cha shubiri moja.

Kapi na henza

Sasa kazi yenyewe. Kila mwisho wa boriti, juu ya nguzo, unafunga kulabu moja ya skrubu yenye unene wa milimita 6. Toboa kwanza tundu la milimita 4, katikati ya uso wa boriti. Ukitoboa karibu na ncha mbao itapasuka. Usiifunge kulabu ukutani katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Chokaa ya zamani hushika msumari siku ya kwanza, kisha hubomoka kama biskuti. Katika nyumba hizo tafuta boriti. Katika nyumba mpya zenye dari ya jipsamu, tafuta mbao iliyo nyuma ya dari, kwa sababu jipsamu peke yake haibebi kitu.

Kwenye kulabu ninginiza kapi ndogo, ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki ngumu. Pitisha kamba ya unene wa milimita 8. Ya milimita 4 ingetosha kwa uzito, lakini huumiza vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Kapi na kamba viwe vya saizi moja: kamba nyembamba kwenye gurudumu pana huruka pembeni na kukwama, na hapo utalazimika kupanda tena. Kila upande ulihitaji mita tano, yaani kupanda mpaka kapi na kushuka mpaka mkononi, pamoja na nafasi ya mafundo. Hii ndiyo henza yako.

Kwenye nguzo, kimo cha kiuno cha mzee mwenyewe, funga kulabu mbili, moja ikitazama juu na nyingine chini, zikiachana kwa shubiri. Kamba inazungushwa hapo kwa umbo la nane, mara tatu. Mpime mama mkubwa, usijipime wewe. Asiinue mkono kupita bega wala asiiname.

Kitambaa chetu kina urefu wa mita tano, na pamoja na taa kina uzito wa kilo nne. Ncha moja inafungwa kwenye henza ya kushoto, ya pili kwenye henza ya kulia, kisha unavuta kushoto kidogo na kulia kidogo mpaka kifike juu. Hapa kuna kosa ambalo kila mtu hulifanya mara ya kwanza: anavuta mpaka pambo linyooke kama uzi wa mwashi. Liache lilegee. Katikati likishuka sentimita 30, kila kamba inavutwa kwa nguvu ya kama kilo 8 hivi. Ukilikaza mpaka lishuke sentimita 5 tu, nguvu hiyo inafika kama kilo 50, kwa kitambaa kile kile. Kulabu hutoka kwa sababu hiyo, kisha watu husema boriti imeoza. Kitambaa kikilowa mvua au kikipigwa na upepo wa kusi, mvuto unaongezeka tena, kwa hiyo usiku wa upepo kishusheni. Sasa kukishusha ni kazi ya nusu dakika.

Taa ziwasheni zikiwa sakafuni kabla ya kuzipandisha, ili iliyokufa ijulikane huko huko chini. Waya wa taa usibebe uzito wake. Ufungwe kwenye kamba au upindo wa kitambaa kwa uzi, kila baada ya shubiri moja na nusu. Maungio ya waya yabaki ndani ya baraza, mbali na mchirizi wa paa. Na kabla ya kushusha taa, chomoa plagi, usizime swichi tu.

Ndani ya nyumba

Pazia na vitu vya juu ya kabati ndivyo vinavyompandisha mzee kitandani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, au juu ya kinu. Kwa vitu vyepesi tengeneza upembo, ule mti wenye ncha iliyopinda wa kuangulia maembe: mwanzi wa mita moja na nusu na kulabu ndogo ya waya mnene kwenye ncha. Kila pambo lishonewe kitanzi cha kamba, na misumari ya kudumu iwe imeshapigiliwa. Atakiinua kitanzi na kukitundika akiwa chini. Pazia la mlango libadilishwe liwe la vitanzi vinavyopita kwenye fimbo, na fimbo ikae kwenye vishikio vilivyo wazi juu, ili inyanyuliwe na watu wawili kwa fimbo nyingine mbili zenye panda. Vitu vya juu ya kabati, siku hiyo hiyo mliyokuja, viteremsheni vyote vihamie mahali pengine. Vikibaki juu, atavifuata.

Kama mzee wako hakubali kabisa kukaa bila kupanda kitu, na wapo, mtengenezee kidato kimoja kipana cha mbao, kimo cha sentimita 20, chenye mshikio wa kufika kiunoni mwake. Hicho kiwe ndicho kiti chake cha kupanda, na viti vya plastiki viondoke sebuleni.

Akianguka

Usimnyanyue mara moja, ingawa kila jirani atataka kumnyanyua. Mwache alale, umuulize anapoumia. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, au akisema kinena kinauma na hawezi kuusogeza mguu, chukulia kwamba nyonga imevunjika. Mfunike kanga, asile wala asinywe kwa sababu huenda atahitaji upasuaji, na asafirishwe akiwa amelala. Ubao mpana au mlango uliong'olewa, ukibebwa na watu wanne, ni bora kuliko kumkalisha kwenye bajaji.

Mkono ukivunjika, mvue pete na bangili upesi kabla haujavimba, kisha uning'inize kwa kanga shingoni. Mama mkubwa alichelewa kuvua bangili, ikabidi ikatwe.

Akigonga kichwa na anatumia dawa za kuyeyusha damu, hata aspirini ya kila siku, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata akiwa anaongea na kucheka. Damu inaweza kuvuja ndani polepole. Kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida au maneno yanayochanganyika ndani ya siku mbili zinazofuata ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo.

Kuteremsha

Maulidi yakimalizika, chomoa plagi, fungua zile nane za kamba, teremsha kushoto na kulia kwa zamu. Henza ziacheni kwenye kapi zikiwa zimefungwa kwenye nguzo. Mara moja kwa mwaka mtu avute kila kamba kwa nguvu akiwa chini, asikilize kapi. Ikilia, inahitaji mafuta. Ikikwama, gurudumu halizunguki tena. Kamba ya plastiki iliyokaa juani hukauka na kutoa unga mweupe mkononi, na hiyo ibadilishwe.

Wakati wa kubadilisha kamba au kuiondoa ifuliwe, usiivute ikatoka yote. Funga uzi mrefu kwenye ncha yake kwanza, uvute mpaka uzi upite kwenye kapi na ubaki hapo, ncha zote mbili zikifungwa kwenye nguzo. Kamba ikirudi, inafungwa kwenye uzi na kuvutwa mpaka juu. Mwaka jana mama mkubwa alifanya hivyo mwenyewe, mjukuu wa miaka tisa akiwa amemshikia kitita cha uzi, na ngazi ya fundi haikuazimwa.